Mtu wa Karibu

Jambo hili nimeliandika mara mbili na mara mbili nimechana karatasi, maana kila nikisoma naona nimejipendelea. Mimi niliishia darasa la saba. Daftari langu limezoea vitu vidogo: mvua imenyesha, bomba limekatika, mwanangu kapiga simu. Hili bado linanidundisha moyo, kwa hiyo nalijaribu tena, na pale ambapo mwenzangu alikuwa na haki kuliko mimi nitasema hivyo.

Nina nyumba Ilemela, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Vyumba vinatazamana, ua uko katikati, na ukisimama mlangoni kwangu unaona kipande cha ziwa kati ya majabali mawili. Chumba kimoja nakaa mwenyewe, vingine nimepangisha.

Mwenyekiti wa mtaa alituita wenye nyumba akatuambia kila mmoja awajue watu anaolala nao uani. Wengi waliitikia ndiyo, wakaenda zao. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza, maana nilikuwa na kisa changu. Mwaka uliotangulia mpangaji wangu mmoja, muuza chipsi, malaria ilimpanda kichwani tukamkimbiza hospitali hajitambui. Pale mapokezi wakaniuliza jina lake kamili. Nikasema, Kaka Chipsi. Dada wa mapokezi aliinua kalamu akanitazama tu. Hatukujua jina lake, hatukujua kwao, hatukujua mtu wa kumwambia. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mimi ile aibu haijanitoka.

Basi Jumapili moja baada ya ibada niliwaomba wapangaji wakae uani. Nikawaeleza. Nilitaka vitu viwili kwa kila mtu: kopi ya kitambulisho, na karatasi yenye jina na namba ya simu ya mtu wa karibu, wa kupigiwa ikitokea dharura.

Nilidhani watasema sawa. Mama muuza dagaa, ambaye ana meza yake soko la Mkuyuni na hana dogo, ndiye aliyeanza. Akauliza kama huyo mtu wa karibu ndiye mdhamini. Maana yeye anawajua watu wa mikopo ya kwenye simu: ukichelewa kidogo tu, wanawapigia shemeji yako na mchungaji wako wanawaambia wewe ni tapeli.

"Mama mwenye nyumba," alisema, "mimi nikichelewesha kodi njoo unigongee mlango. Usimgongee mama yangu."

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini niliona wanangoja jibu. Nikawaambia sio mdhamini, kodi haihusiki hata chembe.

Halafu akasema mhasibu. Huyu ni mtu wa Bukoba, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, anavaa shati lililonyooshwa hata akienda kununua mkaa. Wenzake wanamtania kwamba Mhaya hata akikopa chumvi anaomba kwa barua. Yeye hakukataa. Aliuliza kopi zitakaa wapi, nani atazigusa, na zitakwenda wapi mtu akihama. Nilikasirika kidogo, lazima niseme, nikaona kama ananipima. Lakini maswali yalikuwa ya haki, na sikuwa na majibu yote. Tuliyapata pale pale uani, mimi na wao, na nusu nzuri ya utaratibu wetu ni yake.

Tulikubaliana hivi. Kopi zitatolewa kwenye mashine ya stesheneri, mwenye kitambulisho akiwa amesimama hapo, na kitambulisho chake anarudi nacho mkononi. Hakuna kupiga picha na kumtumia kijana wa stesheneri kwenye simu, maana picha ikishaingia kwenye simu ya mtu huwezi kuifuata. Kopi iliyoharibika inachanwa. Juu ya kila kopi mwenyewe anaandika kwa kalamu, mshazari, maneno yakikatiza namba: kwa ajili ya upangaji tu, na tarehe. Mhasibu alisema kopi iliyoandikwa hivyo haimfai mwizi kwa kitu kingine. Kisha kila mtu anaweka kopi yake na karatasi ya mtu wa karibu kwenye bahasha, anaifunga, anatia sahihi pale kifuniko kinapobandikwa, hivyo ikifunguliwa itajulikana. Ofisi ya mtaa itapata jina na namba ya simu ya mpangaji kwa ajili ya daftari lao la wakazi, basi. Polisi wakija, waje kupitia mwenyekiti na karatasi. Ndugu, mchumba, mdai, hapana. Ukihama unapewa bahasha yako mkononi.

Bahasha zingekaa kwenye sanduku langu la bati, uvunguni, na kufuli mbili. Ufunguo mmoja wangu, wa pili wa mpangaji waliyemchagua wao. Walimchagua mhasibu. Na yeye akasema lipo jambo moja limebaki: na ya kwako, mama, je? Nikasema ya kwangu nini. Akasema wao wanaishi kwangu bila kujua jina langu la tatu, na siku nikianguka bafuni nani watampigia. Kweli. Nikatia na ya kwangu, sahihi juu.

Tukaandika kwenye karatasi bahasha zitafunguliwa kwa lipi: ugonjwa au ajali mtu asipoweza kusema mwenyewe, moto, kifo, au mwenyewe akiomba. Niliisoma kwa sauti. Nikaahidi. Niliahidi mbele ya watu wote na nilimaanisha.

Sasa nije kwa fundi.

Fundi ni mchomeleaji wa vyuma, chumba chake kimegusana ukuta na cha mhasibu. Kwa muda mrefu alikuwa akichomelea mageti huku na huku, leo Mirongo, kesho sijui wapi, na macho yake yote yalikuwa kwenye karakana moja ya boti za chuma huku ufukweni. Aliomba kazi, akafanyiwa majaribio, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka tukaacha kumuuliza. Kwenye fomu yao aliandika na namba yangu, akaniambia ili nisishtuke wakipiga. Halafu msimu wa mpunga ukafika, akaenda kwao upande wa Sengerema kumsaidia shangazi yake kuvuna.

Walipiga Alhamisi, jua limeshaanza kuinama. Dada mwenye sauti ya haraka. Alisema wamemchagua fundi wetu, nafasi ipo, lakini simu yake haipatikani tangu juzi. Aripoti kesho asubuhi na cheti halisi cha ufundi. Asipofika wanamchukua anayefuata, kwa sababu boti inatakiwa majini na wao wana mkataba wao. Nikamwomba siku moja. Alisema kwa upole kwamba hana siku ya kunipa.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikainuka. Nikampigia fundi: haipatikani. Nikapiga tena na tena, kana kwamba simu ingenionea huruma. Kwao tulijua ni Sengerema, na Sengerema si kijiji, ni nchi nzima. Ndipo nikaikumbuka bahasha, na hapo hapo nikakumbuka nilichoahidi. Kazi sio ugonjwa. Sio ajali, sio moto, sio kifo.

Mama muuza dagaa alikuwa ametoka sokoni, ananawa miguu. Nilipomweleza alishika kiuno, akasema kinachongojwa ni nini, fungua. Mwanaume amengoja kazi hiyo kama mvua. Nikamwambia hata kama nataka, ufunguo mmoja sina. Tukamngoja mhasibu. Alipoingia getini tulimvamia wote wawili kabla hajaweka mkoba chini, na nguvu zote nilizokuwa nazo nilizimwaga kwenye kumweleza.

Akasikiliza. Akasema hapana.

Mama muuza dagaa alimwambia roho yake imepigwa pasi kama mashati yake. Mhasibu akasema hayo hayamhusu. Sisi sote tukikubali hapa, alisema, tunakubali kama nani? Bahasha si yetu. Anayeweza kutupa ruhusa ni mwenyewe peke yake.

"Leo ni kazi, mama," akaniambia mimi. "Kesho atakuja mtu na habari njema ya uongo. Anasema nina urithi wake, nina zawadi yake, nipe namba za ndugu zake. Utajuaje?"

Hata hivyo nilihisi vidole vinawasha. Nilimwuliza yeye angekuwa fundi, yuko shambani hajui, kazi yake inapita juu ya kichwa chake kama ndege, angependa nini. Akasema angependa ifunguliwe, na ndiyo sababu haifai kumwuliza yeye badala ya fundi.

Niliyofanya ni haya. Nilimwambia nimemsikia, na anasema kweli, na mimi nitafungua. Kosa likiwa kosa ni langu, nitamwambia fundi mwenyewe kwa mdomo wangu kabla mtu mwingine hajamwambia, na akitaka kuhama kwa ajili hiyo sitamshikilia. Nikamwomba ufunguo. Angeweza kuninyima. Alifikiri, akautoa mfukoni, akasema atanipa ila aandike kwamba alikataa. Akaandika, nikatia sahihi kwamba ni kweli alikataa.

Tulilivuta sanduku, vumbi likatupanda puani. Bahasha ya fundi ilikuwa ya pili. Niliichana mbele yao. Karatasi ya mtu wa karibu alikuwa ameikunja mara nne. Nikaikunjua, nikasoma, nikadhani miwani imenidanganya, nikampa mama muuza dagaa. Akasoma kimoyomoyo. Kisha akakaa chini sakafuni akaanza kucheka mpaka machozi.

Fundi alikuwa ameandika: mtu wa karibu ni mhasibu, tunapakana ukuta kwa ukuta. Na namba ya simu ya mhasibu.

Mhasibu aliichukua ile karatasi akaitazama mbele na nyuma. Mwisho akasema, taratibu, kwamba yeye naye alimwandika fundi. Aliona imeandikwa mtu wa karibu, na wa karibu yake hakuna kama fundi, hata akikohoa anamsikia. Mama muuza dagaa, bado sakafuni, akasema yeye kamwandika mshonaji wa chumba cha pembeni. Kumbe nyumba nzima walikuwa wameandikana. Mimi niliyewaambia nilimaanisha ndugu, wa tumbo moja au wa ukoo. Wao walisikia jirani. Na neno ni lile lile, siwezi kusema walikosea. Siku nyumba ingeungua tungepigiana simu sisi kwa sisi ndani ya moshi.

Nilicheka, lakini moyo ulishuka. Nimevunja ahadi na sijapata kitu.

Mhasibu ndiye aliyegeuka. Alisema kama yeye ndiye mtu wa karibu kwa maandishi ya mwenyewe, basi fundi alimkabidhi mambo yake. Akanyoosha mkono. Nikampa bahasha yote. Fundi alikuwa na namba ya taifa lakini kadi yake ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo alileta barua ya utambulisho kutoka kijijini kwao, ina picha na muhuri umepanda juu ya picha. Niliiona siku ile anaitoa kopi, lakini sikusoma jina la kijiji. Mhasibu aliisoma kwa kidole. Chini ya sahihi, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameandika namba yake ya simu.

Tukatazamana. Akapiga, akaweka spika.

Iliita mpaka nikajua haitapokelewa. Ikapokelewa na mwanamke. Mhasibu akaanza kwa Kiswahili chake cha ofisini, naitwa fulani, nina shida ya kikazi, na yule mama akasema "eh?" na kuku nyuma wakimjibu. Nikamnyang'anya simu. Nikamsalimia Kisukuma, nikauliza habari za watoto na za mpunga, kisha nikamwambia mimi ni mama mwenye nyumba wa Mwanza na mtoto wao kapata kazi.

"Yupi?" akauliza. "Yule wa moto?"

Nikasema huyo huyo, wa moto.

Akasema yupo, yuko majarubani kwenye mpunga, na simu yake ilitumbukia kwenye maji, wameifukia kwenye mchele wanaingoja ikauke. Nilisikia anaita mtu, nikasikia jina la fundi likirushwa kutoka sauti moja kwenda nyingine, likienda mbali, kama watu wanapasiana mzigo. Tulisimama watu watatu tumeinamia simu moja. Salio lilikuwa la mhasibu na hakulisema. Kisha kukawa na kukimbia, na kuhema kwa mtu karibu na sikio, na fundi akasema shikamoo mama, kuna msiba gani?

"Marahaba. Hakuna msiba," nikasema. "Wamekuita. Kesho asubuhi, na cheti chako halisi."

Nilidhani imekatika. Halafu akasema cheti kiko chumbani, ndani ya godoro, na anakuja. Basi.

Usiku ule nililala kidogo sana, na sio kwa hofu. Fundi alipata pikipiki mpaka barabara kubwa, akapata lori la mchele, na siku hizi daraja lipo, hakuna tena kungoja kivuko. Alfajiri aligonga geti. Alikuwa na tope limemkaukia mpaka magotini na punje za mpunga kwenye nywele. Alitaka kuingia kuchukua cheti akimbie hivyo hivyo. Mama muuza dagaa alimzuia mlangoni akamwambia huko sio shambani, akamsukumia ndoo ya maji. Alipotoka bafuni alikuta shati jeupe limening'inizwa kwenye kitasa chake, mikunjo imekaa kama kisu. Mhasibu alikuwa ameshaondoka kwenda kazini.

Nilimsindikiza mpaka mawe ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari ya bahasha, nikaogopa kumvuruga, nikanyamaza. Hapo sijui kama nilifanya vema. Niliahidi kumwambia kabla mtu mwingine, na mpaka jioni nilikaa nikimwombea asikutane na mtu.

Alirudi jua likiwa bado halijazama. Kabla hajafunua mdomo tulijua, alivyokuwa anapanda mawe mawili mawili. Anaanza Jumatatu. Mama muuza dagaa alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akachungulia kuuliza nani kaolewa. Watu walipokwisha kumpa mkono nilimvuta pembeni, nikamweleza yote: nilifungua, haikuwa katika yale niliyoyaahidi, nilikatazwa na nikafungua. Nikampa bahasha iliyochanika.

Aliigeuza mkononi. Furaha ilimtoka usoni kidogo, nikaiona inatoka.

"Ulifungua peke yako?"

Nikasema hapana, tulikuwa watatu.

"Nani alikataa?"

Nikamwonyesha kwa kidevu chumba cha mhasibu. Fundi akaitikia kwa kichwa polepole. Aliniambia anashukuru, na asingependa nimwelewe vibaya, lakini ile haikuwa dharura. Ningeifungua peke yangu angechukua kazi na angehama. Nilimwambia ni haki yake. Akasema najua.

Jumapili tulikaa tena uani. Kila mtu alifungua bahasha yake mwenyewe, na kila jina lililosomwa likaleta kicheko, maana lilikuwa la mtu aliyekaa pale. Nikaeleza upya, safari hii kwa maneno yasiyo na kona: ndugu, asiyelala katika nyumba hii. Fundi akaandika shangazi yake na mwenyekiti wa kijiji. Kisha akaandika jina lingine chini. Nilimkumbusha kwamba huyo analala humu humu.

"Shangazi nimemweka," akasema. "Lakini huyu simtoi."

Mhasibu alijifanya anatafuta kofia ya kalamu.

Nilipendekeza tuongeze habari njema kwenye yale ya kufungulia. Mhasibu akapinga, na safari hii nikanyamaza mapema. Alisema anayetaka aandike mwenyewe juu ya bahasha yake, asiandikiwe na wengine. Tukakubali. Fundi aliandika, kwa herufi kubwa: hata kwa habari njema. Mama muuza dagaa akaandika vilevile, akaongeza kwamba mikopo si habari njema. Mimi nikaandika kwenye ya kwangu. Mhasibu aliipiga yake sahihi, akaibonyeza gundi kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaiweka kwenye sanduku bila neno lolote juu yake, na tukafunga kufuli, yake na yangu.